Rekodi za foleni, na dakika saba za kutoka Mbezi

Mwulize mkazi wa Mbezi Mwisho atoke saa ngapi ili awahi mjini, atakujibu bila kufikiri: "Kumi na mbili ikikukuta nyumbani, umekwisha." Jibu hilo si la uongo, ila halijapimwa. Wa Goba ana la kwake, wa Gongo la Mboto ana la kwake, na wa Ruiru anayekwenda katikati ya Nairobi naye ana saa anayoiapia. Saa hizo tunazirithi kwa majirani kama tunavyorithi dawa ya kikohozi.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya habari za foleni zilizovunja rekodi, kama wengine wanavyokusanya stempu. Nyingi ni za kupigia soga barazani tu. Chache kati yake zinamsaidia kweli mtu anayetaka kuchagua saa ya kutoka nyumbani, na hizo ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Ndefu kuliko zote

Kitabu cha rekodi cha Guinness kinaitaja foleni ya Ufaransa ya tarehe 16 Februari 1980, kati ya Lyon na Paris: kama kilomita 175. Watu walikuwa wanarudi kutoka likizo ya milimani kwenye theluji, hali ya hewa ikachafuka, na wote wakawa wamechagua siku moja. Iliyodumu sana ni ya China, Agosti 2010, kwenye barabara ya kuingia Beijing kutoka upande wa Mongolia ya Ndani. Malori ya makaa ya mawe yalikutana na matengenezo ya barabara, foleni ikafika kama kilomita 100 na ikakaa zaidi ya siku kumi. Wanakijiji wa jirani wakawauzia madereva maji na tambi kwa bei ya kuruka.

Hadithi tamu, lakini kwa mtu wa kazini hazina faida. Hizo ni foleni za tukio, na mwenye kuzikwepa hubadili siku, habadili saa. Ndugu zetu wanaokwenda Moshi kila Desemba wanalijua hilo: aliyeondoka Dar tarehe 20 na aliyeondoka tarehe 23 wamesafiri safari mbili tofauti, hata kama wote walitoka alfajiri. Foleni ya kila siku ni jambo jingine. Inarudi kesho, na kwa kuwa inarudi, inapimika.

Amri ya saa ya zamani kuliko zote

Tangu karne ya kwanza kabla ya Kristo, mwishoni mwa zama za Julius Caesar, Roma ilikuwa na sheria iliyozuia mikokoteni mingi kuingia mjini tangu jua linapochomoza hadi saa kumi. Na hiyo ni saa kumi kwelikweli, kwa maana Warumi walihesabu saa kuanzia mawio, kama sisi. Mzigo ukahamia usiku. Mshairi Juvenal, aliyeishi zaidi ya miaka mia moja baadaye, analalamika kwamba mtu hapati usingizi Roma kwa kelele za magurudumu na ugomvi wa waswaga mifugo waliokwama vichochoroni. Foleni ilikuwa imehama saa tu. Tukumbuke hilo, litarudi.

Jiji la polepole kuliko yote, na lile lenye foleni kuliko yote

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda, kwa sababu ni rekodi mbili ambazo watu wengi hudhani ni moja.

Mwaka 2023 wachumi wanne, Akbar, Couture, Duranton na Storeygard, walitoa utafiti uliolinganisha mwendo wa magari katika miji zaidi ya 1,200 ya nchi 152. Hawakupeleka watu barabarani na saa mkononi. Waliuliza Google Maps muda wa safari za kubuni ndani ya kila mji, safari zilezile kwa saa tofauti za mchana na usiku. Mji wenye mwendo wa kasi kuliko yote ukawa Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani. Wa polepole kuliko yote ukawa Dhaka, Bangladesh. Lakini ulioongoza kwa msongamano haukuwa Dhaka. Ulikuwa Bogotá, Kolombia.

Tofauti yake ni hii. Upolepole ni muda unaotumia kwa jumla. Msongamano ni ule muda unaoongezeka juu ya safari yako ya usiku, barabara ikiwa tupu. Mji unaweza kuwa wa polepole hata saa nane za usiku, kwa sababu barabara ni nyembamba, zina mashimo, zina matuta na makutano mengi. Mji wa namna hiyo hauponywi na kuamka mapema.

Basi kabla ya kuhangaika na saa, pima safari yako mara moja ikiwa tupu. Njia rahisi ni Jumapili alfajiri. Tuseme Jumapili unatumia dakika 50 na Jumatatu asubuhi dakika 65. Foleni inakula dakika 15 tu, na hata ukiamka saa tisa usiku huwezi kupata zaidi ya hizo. Tatizo lako ni barabara ya mtaani yenye mahandaki, au umbali wenyewe. Lakini kama Jumapili ni 40 na Jumatatu ni 105, kuna dakika 65 za kupigania, na hapo ndipo saa ya kutoka inakuwa na maana.

Dakika ghali kuliko zote

Sasa tuje Mbezi Mwisho. Safari ni ya kwenda Posta kwa Barabara ya Morogoro, kwa gari binafsi, kazi inaanza saa 2:00 asubuhi. Namba ninazotumia hapa nimezitunga ili hesabu ionekane, ila zina umbo ambalo yeyote anayepita Kimara kila siku atalitambua. Weka za kwako mahali pake.

Daftari linahitaji vitu viwili tu kwa kila siku: dakika uliyofunga mlango wa nyumbani na dakika uliyokaa kwenye kiti chako cha kazi. Usianze kuhesabu kutoka kituoni, wala usiishie getini. Anayepanda daladala ahesabu na ule muda wa kusubiri gari lenye nafasi, na akiwa miongoni mwa wale wanaopanda linapokwenda mwisho wa njia ili wageuze nalo, safari yake imeanza pale alipopanda na si pale lilipogeuka. Ukiacha dakika hizo nje, daftari litakusifia saa ambayo mwili wako unaichukia.

Baada ya wiki kadhaa za kubadilisha saa kwa makusudi, wastani ukawa hivi:

Kutoka 11:00 alfajiri, dakika 40.
Kutoka 11:30, dakika 50.
Kutoka 12:00, dakika 75.
Kutoka 12:30, dakika 105.
Kutoka 1:00, dakika 110.
Kutoka 1:30, dakika 100.
Kutoka 2:00, dakika 85.
Kutoka 2:30, dakika 65.

Wengi wakiona orodha hii macho yao huenda kwenye 110 na kusema saa 1:00 ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa anayekaa garini, ndiyo. Kwa anayechagua, hapana. Tazama kati ya 12:00 na 12:30. Aliyetoka 12:00 anafika 1:15. Aliyetoka 12:30 anafika 2:15. Amelala nusu saa zaidi, amefika saa nzima baadaye. Kila dakika aliyoipata kitandani ameilipia mbili. Hapa ndipo penye dakika ghali kuliko zote za siku, pale foleni inapopanda kwa kasi, na si pale inapofikia kilele. Ukitoka 1:00 badala ya 12:30 unafika 2:50, yaani dakika 35 baadaye kwa dakika 30 za usingizi. Karibu mtu kwa mtu.

Upande wa kushuka mambo yanageuka. Aliyetoka 2:00 anafika 3:25, aliyetoka 2:30 anafika 3:35. Nusu saa nzima ya kunywa chai kwa utulivu imemchelewesha dakika kumi. Mfanyabiashara anayefungua saa nne, au mtu mwenye miadi ya hospitali saa nne, hana sababu hata moja ya kutoka saa 2:00. Nimewaona wengi wakitoka saa hiyo kwa mazoea tu, na wanakaa Ubungo wakiwatazama walio mbele yao.

Kuna kipimo kimoja cha kukagua daftari lako hapa. Kwenye barabara moja, kwa magari yanayofuatana, aliyetoka nyuma yako hawezi kufika kabla yako. Kwa hiyo daftari likionyesha kwamba ukitoka 2:30 unafika mapema kuliko ukitoka 2:00, usishangilie. Umelinganisha siku mbili zisizolingana: pengine siku za 2:00 zilikuwa Jumatatu za mvua na siku za 2:30 zilikuwa Jumatano kavu. Bodaboda na mwendokasi hazimo kwenye sheria hii, kwa kuwa zinapita pengine.

Wastani mdanganyifu kuliko wote

Kwa orodha ile, mtu wa saa 2:00 atakaa na kalamu na kupata kwamba akitoka 12:22 atatumia kama dakika 97 na kufika 1:59. Safi kabisa. Ataandika 12:22 ukutani, na wiki ya kwanza atachelewa siku mbili au tatu.

Hakukosea hesabu, ila wastani huficha siku mbaya. Tufungue zile dakika 75 za saa 12:00. Siku kumi za daftari, kuanzia nyepesi hadi nzito, zilikuwa 62, 66, 68, 70, 72, 74, 78, 80, 85 na 95. Za saa 12:30 zilikuwa 80, 88, 92, 96, 100, 104, 110, 115, 125 na 140. Ona jinsi zilivyotawanyika. Saa 12:00, siku nzuri na siku mbaya zimepishana dakika 33. Saa 12:30 zimepishana dakika 60. Foleni inapokuwa kubwa haikuongezei muda tu, inakuondolea na uhakika. Gari moja likiharibika pale Kimara saa 11:30 wenzake wanalizunguka, likiharibika saa 1:00 limezuia watu hadi Mbezi.

Aliyetoka 12:30 na anatakiwa kazini 2:00 ana dakika 90 mkononi. Katika siku kumi, siku mbili tu ndizo zinazotosha. Aliyetoka 12:00 ana dakika 120, na siku zote kumi zinatosha. Kati ya hapo, usitumie wastani, tumia siku ya pili kwa ubaya: 85 kwa saa 12:00 na 125 kwa saa 12:30. Nusu ya njia kati yake ni 105, na nusu ya njia kati ya saa hizo mbili ni 12:15. Toka 12:15, tumia dakika 105, unafika saa 2:00 kamili katika siku ya pili kwa ubaya. Yaani siku tisa kati ya kumi umewahi.

Linganisha: 12:22 inakuwahisha siku kama sita kati ya kumi, 12:15 inakuwahisha siku tisa kati ya kumi. Katikati yao ni dakika saba. Mtu anayechelewa mara kwa mara hudhani kwamba anapaswa kuamka saa moja kabla, anajaribu siku tatu, mwili unakataa, anarudi kulekule. Kumbe alichopungukiwa ni dakika saba tu, ila ziwe zile saba za mahali panapopanda.

Simu inaweza kukupunguzia kazi ya daftari. Kwenye Google Maps, weka safari yako, kisha badili "Leave now" iwe "Depart at" na uchague siku na saa. Kwa safari ya gari huleta namba mbili, ya chini na ya juu. Chukua ya juu, hiyo ndiyo jirani wa siku yako ya pili kwa ubaya. Jihadhari na saa zetu lakini: 12:15 asubuhi yetu kwenye simu ni 6:15. Ukiandika 12:15 utapewa foleni ya saa sita na robo mchana, na utashangaa Morogoro Road ilivyo nyeupe. Tena namba hizo ni za magari. Hazijui kwamba daladala lako limesimama Kibamba konda akisubiri wawili wa kujaza.

Aliyeelewa mapema kuliko wote

Mwaka 1969 mchumi William Vickrey, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika maelezo ya foleni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hesabu hizi. Chukua mahali pamoja panapobana, penye uwezo wa kupitisha magari kadhaa tu kwa saa. Watu wote wanataka kufika saa 2:00. Hawawezi kupita pamoja, kwa hiyo kila mmoja anachagua: akae kwenye foleni na afike karibu na saa yake, au aikwepe foleni na afike mapema mno. Vickrey alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi Oktoba 1996, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa, akiwa barabarani usiku kwenda mkutanoni.

Kiasi gani kuwahi kunauma? Mwaka 1982 Kenneth Small aliwapima wafanyakazi wa eneo la San Francisco kwa saa walizochagua wenyewe. Dakika moja ya kufika mapema iliwauma kama sehemu sita kati ya kumi za dakika ya safari. Dakika ya kuchelewa iliwauma zaidi ya mara mbili ya dakika ya safari. Ni Wamarekani wale, si watu wa Mbezi, lakini tuazime vipimo vyao tuone.

Anayetoka 11:30 anasafiri dakika 50 na kusubiri kazini dakika 100. Mia moja mara sita kwa kumi ni 60. Jumla ya maumivu ni 110. Anayetoka 12:00 anasafiri 75 na kusubiri 45, ambazo ni 27. Jumla 102. Anayetoka 12:15 kwa wastani anasafiri 90 na kusubiri 15, ambazo ni 9. Jumla 99, na ongeza kidogo kwa ile siku moja katika kumi ya kuchelewa.

Mia na kumi, mia na mbili, tisini na tisa na kidogo. Karibu sawa! Namba hizi nimezitunga, lakini hata kwa za kweli tungetarajia usawa huo. Ndivyo Vickrey alivyosema ingekuwa. Kungekuwa na saa iliyo nafuu waziwazi kuliko nyingine, watu wangeihamia mpaka unafuu uishe. Maelfu ya watu wanaolalamika wameshapiga hesabu hii kwa miguu yao, bila kalamu.

Basi nani anayeshinda? Yule ambaye kuwahi hakumuumi kama wengine. Kijana anayesoma jioni na anaweza kukaa na vitabu ofisini kuanzia 12:20 asubuhi, penye umeme na ukimya, kwake dakika ya kuwahi huenda inauma mara mbili kwa kumi tu. Safari ya 11:30 kwake ni 50 na 20, jumla 70. Safari ya 12:15 ni 90 na 3, jumla 93. Amejipatia dakika 23 kila asubuhi kwenye jedwali lilelile linalomwambia mwenzake alale. Lakini mama anayeandaa watoto wa shule, ambao basi lao linapita 12:10, hawezi kuiona 11:30 hata kwenye ndoto, na kumwambia "amka mapema tu, dada" ni kumkosea adabu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza jirani si "unatoka saa ngapi?" tu. Muulize pia anafanya nini akifika.

Foleni iliyohama upesi kuliko zote

Singapore, Juni 1975. Serikali ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji asubuhi, kuanzia saa 1:30 hadi saa 3:30. Ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Barabara zikafunguka ndani ya saa hizo. Lakini madereva wakaanza kusubiri, na saa 3:30 ilipopita wakamiminika kwa pamoja. Kabla miezi mitatu haijaisha serikali ilikuwa imesogeza mwisho wa tozo hadi saa 4:15. Roma ile ile, kwa lami na injini.

Nchi hiyohiyo mwaka 2013 ikajaribu kinyume chake: badala ya kumtoza anayekuja saa mbaya, ikamwachia bure anayekuja saa nzuri. Abiria wa treni aliyetoka katika vituo vilivyochaguliwa vya katikati ya mji kabla ya saa 1:45 asubuhi hakulipa nauli. Baadaye ikageuzwa kuwa punguzo. Mwajiri wa Dar au Nairobi anaweza kufanya jambo la aina hiyo bila serikali: aruhusu nusu ya watu waingie saa moja na nusu na nusu saa tatu na nusu. Tazama tena orodha ya Mbezi uone wa kundi la pili wanaokoa nini.

Pana kuliko karibu zote

Houston, Texas, ina barabara iitwayo Katy Freeway ambayo ilipanuliwa hadi 2008, na mahali pengine ina njia 26 ukijumlisha za pembeni. Kati ya 2011 na 2014 muda wa kusafiri saa za asubuhi uliongezeka kwa asilimia 30, na wa jioni kwa asilimia 55. Mji ulikuwa unakua, ndiyo, lakini kuna na lile alilolieleza Anthony Downs tangu 1962: barabara kubwa ikifunguka, waliokuwa wamekimbilia saa nyingine wanarudi, waliokuwa njia nyingine wanarudi, na waliokuwa kwenye mabasi wanarudi na magari.

Kwetu hili linahusu uhai wa daftari. Makutano ya Ubungo yalipofunguliwa Februari 2021, kila saa iliyokuwa imepimwa kabla ya hapo ikawa takataka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kati ya Kimara na Kibaha. Mtu wa Kibamba anaruka haraka kwenye njia nyingi, anafika pale zinapopungua, anasimama. Kwake saa inayofaa kuandikwa daftarini, zaidi ya ile ya kufunga mlango, ni ile ya kupita Kimara. Akishajua kwamba kupita Kimara 12:10 ni salama na 12:30 ni balaa, atarudi nyuma mwenyewe hadi nyumbani kwake, na hata akihamia Kiluvya namba ile ataenda nayo.

Siku ngumu kuliko zote

Hapa sihitaji rekodi ya dunia. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mvua ya vuli, jioni. Asubuhi foleni ina umbo la kilima, inapanda kwa kasi na kushuka, lakini jioni ni kama meza: inapanda, inakaa, inakaa, kisha inashuka usiku. Mezani kubadili saa hakusaidii kitu. Kusogeza kutoka saa 11:00 hadi 11:30 kunakupa muda uleule. Ama utoke kabla ya kupanda, ama ukae hadi ianze kushuka, na katikati yake ni afadhali kukaa kazini na chai kuliko kukaa Magomeni na honi.

Ramadhani huikata meza hiyo. Watu wanawahi kufuturu, kwa hiyo msukumo unakuja mapema na kwa pamoja, na baada ya magharibi barabara inatulia ghafla kuliko siku yoyote ya kawaida. Ziandike siku hizo kwenye ukurasa wake, usizichanganye na nyingine. Vivyo hivyo siku za shule kufungwa: asubuhi za Desemba zitakuonyesha barabara nyepesi ambayo Januari haitakuwepo.

Siku kumi kwa saa mbili, ile ya 12:00 na ile ya 12:30, zinatosha kwa kuanzia. Ni wiki nne za kazi. Anza shule zikifunguliwa, na usipange kikao chochote cha saa mbili kamili kabla hujafika siku ya ishirini.